Nafasi Ndogo, Isiyo na Malipo

Kaka yangu hajawahi kufungua barua pepe kwa mkono wake mwenyewe. Anwani nilimfungulia mimi, zamani, alipoanza kuigiza hakimu katika tamthilia moja ya televisheni na watayarishaji wakachoka kumtafuta kwa simu alizokuwa akizisahau kwenye suruali za kuigizia. Tangu hapo mimi ndiye ninayezisoma barua zake, na mimi ndiye ninayezijibu, kwa jina lake na kwa adabu ambayo yeye hana. Watu kadhaa huko Nairobi wamewahi kumsifu kwa uandishi wake. Mimi hakuna aliyewahi kunisifu kwa uigizaji.

Aliporudi Mwabungo na mkewe, katika nyumba ya wazee wetu ambayo ua wake ni mmoja na wangu, barua zilianza kupungua. Kwanza zilikoma za kazi. Zikabaki za shule zinazomwomba akagawe zawadi, kisha zikabaki za benki. Ukunda vijana wa bodaboda bado wanamwita Hakimu. "Hakimu, nifunge maisha!" wanamwambia, naye huwapa miaka michache ya kufagia barabara, nao hucheka na kumbeba kwa bei ya jirani. Lakini hukumu zenyewe zilikuwa zinafupika. Hilo nililiona mimi kabla yao, kwa kuwa mimi ni mwandishi na mhariri, na kazi yangu ni kuhesabu maneno ya watu wengine.

Asubuhi moja ikaja barua yenye kichwa cha habari hiki: Ombi la nafasi ndogo katika filamu ya kuhitimu.

Nainukuu kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yangu, alhamdulillahi, bado inafanya kazi. "Shikamoo mzee," ilianza. "Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa utengenezaji wa filamu. Nyumbani kwetu ni Kinango. Nakuomba uigize baba katika filamu yangu ya kuhitimu, ambayo nimeiandika na ninaiongoza mwenyewe. Ni nafasi ndogo: sini mbili, kazi ya siku moja, Msambweni, nyumbani kwa bibi yangu. Haina malipo. Hakuna anayelipwa, hata mimi. Nitaleta gari likuchukue na kukurudisha, utakula nasi, jina lako litaandikwa mwishoni, na nakala ya filamu utapewa ikikamilika. Nikiipeleka kwenye tamasha lolote nitakuarifu kwanza. Mswada mzima nimeuambatanisha ili uusome kabla ya kuamua, na nambari ya mwalimu anayenisimamia iko hapa chini ukitaka kuhakikisha. Ukikataa nitaelewa, wala sitakusumbua tena."

Katikati ya hayo palikuwa na sentensi nyingine, na hiyo nilirudi kuisoma. "Nimekuomba wewe kwa sababu ya kipindi kile ambacho hakimu anamsikiliza shahidi mpaka mwisho bila kumkatiza. Sijaona mtu mwingine anayesikiliza hivyo mbele ya kamera."

Nilikuwa nimekaa tayari kuudhika kwa niaba yake. Mtu ameigiza karibu umri wote wa huyu msichana, halafu anaandikiwa kwamba nafasi ni ndogo na malipo hakuna! Nikaitafuta kasoro kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu, nikapata koma moja iliyokaa mahali pabaya. Mimi ningeandika barua hiyo, habari ya kutokulipa ningeificha chini kabisa, baada ya salamu, baada ya sifa, baada ya dua, mahali ambapo mgeni angeifikia akiwa ameshavua viatu. Yeye aliiweka mlangoni. Nilishindwa kumchukia.

Kaka alikuwa barazani akipukuchua mbaazi na mkewe. Nikamsomea yote.

"Nimealikwa," akasema.

"Umealikwa bure. Hawalipi."

"Hata posho?"

"Gari na chakula."

"Mwanamke wa Kinango atakupikia nini, sima na mboga ya mchunga?" akasema shemeji bila kuinua macho. "Ukienda kwa chakula, hicho unacho hapa, tena umekishika."

"Maneno mangapi?" kaka akauliza, kana kwamba hakuna aliyesema.

Nikaangalia mswada. Sini ya kwanza anaingia tu, anavua viatu, anakaa. Sini ya pili wazee wa upande wa mume wamekuja kumposa binti yake, naye anawajibu. Jibu lenyewe lilikuwa kama nusu ukurasa.

"Kuvua viatu naweza," akasema kaka. Akapukuchua ganda jingine, akaliangalia ndani kama lililoandikwa kitu. "Mjibu nakubali."

Shemeji alinifuata hadi upande wangu wa ua, ameshika ungo.

"Shemeji, barua hiyo si ingepotea?"

"Barua pepe hazipotei."

"Basi mwambie ana kazi nyingine."

"Kazi gani?"

"Si weye ndiye mwandishi? Tunga."

Sikucheka, na yeye hakutaka nicheke. Mwaka uliotangulia, Nairobi, mtayarishaji mmoja mwenye roho nzuri alikuwa amempa kaka likizo katikati ya kazi, akamwambia apumzike, atampigia. Hajapiga. Kisha yakaja mambo ya nyumbani: chumvi mara mbili, jina la mjukuu, njia ya msikitini ambayo miguu ilikuwa inaijua na kichwa kinaikataa. Daktari wa hospitali kubwa ya Msambweni alitueleza taratibu, kwa upole, akautaja ugonjwa kwa jina lake. Shemeji alilikunja jina hilo pamoja na karatasi ya dawa na sikumsikia kulitamka tena. Nyumbani kwetu unaitwa uchovu. Majirani wanajua kaka amestaafu. Kwa watu wa pwani huko ndiko kusitiriana, na sijui ni wangapi kati yetu wamezikwa wakiwa wamesitiriwa vizuri.

"Atasimama mbele ya watoto wa watu," akasema shemeji, "na kinywa kitakuwa wazi hivi. Wana makamera. Wataizungusha kwenye simu mpaka Lungalunga."

Kaka alikuja chumbani kwangu jioni ile kabla sijajibu. Alisimama nyuma ya kiti changu akiiangalia skrini, ambayo bila miwani kwake ni mwanga tu.

"Wale wa Nairobi kila neno walikuwa wamelilipia," akasema. "Nikilikosa, nimeiba. Huyu halipi. Nikilikosa, nimekosa langu."

"Na yeye je? Ana siku moja tu. Ni mtihani wake, kaka. Ukishindwa, unamwangusha."

"Basi nisishindwe."

"Mwambie basi. Mwambie mwenyewe, au niruhusu nimwambie. Anaweza kukusaidia."

"Akishajua, hatanipa nafasi. Atanipa huruma, na hiyo ninayo nyumba nzima." Akaniwekea mkono begani, mzito. "Mimi nataka kujua kama imebaki. Wewe ni mkono wangu, bwana mdogo. Sijakufanya mdomo."

Nikaandika kwamba mzee ameipokea barua kwa furaha na amekubali. Kisha nikaongeza sentensi moja yangu: kwamba umri umesonga, na angeshukuru kupata muda wa kutosha wa kujizoeza. Niliisoma mara nyingi kuliko insha nyingi ninazolipwa. Ilikuwa kweli kama pazia lilivyo kweli: lipo pale, unaliona, na huoni kitu.

Msichana alijibu siku iyo hiyo. Alishukuru, akasema atakuja Mwabungo wasome pamoja, akauliza ukubwa wa kanzu na wa viatu. Mwishoni akauliza kwa adabu kama kuna chakula asichokula mzee, au dawa, au jambo lolote la afya ambalo wangepaswa kulijua siku ya kazi ili wamtunze. Nikamsomea kaka swali hilo polepole.

"Mwambie sili pilipili," akasema.

Nikamwambia hivyo.

Alikuja na begi mgongoni na kandambili, mwembamba, macho yakitazama kila kitu kana kwamba kila kitu huenda kikahitajika. Alitoa shikamoo kwa kila mmoja wetu, hata kwa mpangaji wangu ambaye nadhani kwa umri ni mdogo kuliko yeye. Kaka akavaa miwani, akashika karatasi, akasoma. Nilikuwa nimesahau. Tunaishi na mtu, tunamsikia akiomba chai, tunasahau sauti hiyo ilikuwa ikiwafanya watu wazime majiko waje kusikiliza. "Wazee wangu," alisoma, "mmetoka mbali, na mmetuheshimu. Binti yangu si mzigo, nikimtua nipumzike." Msichana aliacha kuandika. Shemeji alitoka jikoni akasimama mlangoni, kanga mdomoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi niliona uso wake umesahau kuwa na hofu.

"Mzee," akasema msichana walipomaliza, "sina la kukuelekeza."

"Usiseme hivyo siku ya kazi," kaka akamjibu. "Mwigizaji akiambiwa hivyo huanza kupiga kelele."

Alipokwenda zake tukaiweka karatasi pembeni, na tabu ikaanza.

Wiki nzima tulikaa chini ya kivuli cha ukuta wangu, mimi nikiwa wazee wa upande wa mume. Sentensi ya kwanza alikuwa nayo. Ya pili ilikuja ikiwa imevaa nguo za ya nne. Ya tatu ilikuwa inamkimbia kabisa. Alikuwa anaifuata kwa macho, akiinua kidole, kama mtu aliyeona kuku wake kwenye ua wa jirani. Halafu mahali pake palikuwa panakuja maneno mengine, mazima, bila kukwama hata kidogo: "Mahakama hii imesikiliza ushahidi wa pande zote mbili." Ilikuwa hotuba ya tamthilia ya zamani. Hiyo aliijua yote. Ugonjwa ulikuwa umekula chakula cha jana na kuacha cha mwaka ule.

"Hiyo ni nyingine," nilikuwa ninamwambia.

"Najua ni nyingine."

Wakati mwingine hakuwa anajua. Mimi, kwa upande wangu, niliyajua maneno yote kufikia siku ya tatu, nayajua mpaka leo, na sijawahi kujifunza kitu kwa moyo ambacho ningependa zaidi kukisahau. Kila usiku nilijiambia kesho nitamwandikia yule msichana. Kila kesho kaka alikuja na kiti chake mapema kuliko jana, amenyoa, na sikuandika.

Siku ya kazi tuliletewa gari la mjomba wa mtu fulani. Nyumba ya bibi ilikuwa nyuma ya barabara kuu ya Msambweni, sebule pana yenye makochi ya vitambaa vya kudarizi. Wanafunzi walikuwa sita au saba. Mmoja alishika kipaza sauti kwenye mti mrefu kama mchuma maembe, mwingine alikuwa na kibao cha kupigia mwanzo wa kila kipande. Wazee wa posa walikuwa walimu wawili wastaafu wa mtaa ule, wamejipaka manukato mpaka unapiga chafya. Bibi mwenye nyumba, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyelea wajukuu wengi, alikaa mlangoni kuyalinda makochi yake.

Walizima feni kwa ajili ya sauti. Kisha kijana wa kipaza sauti akachomoa waya wa friji, akafungua mlango wake, akaweka ndani funguo za gari.

"Wewe, una wazimu?" akauliza bibi.

"Ni desturi yetu, bibi. Tukimaliza tutasahau kulirudisha friji kwenye umeme, na samaki wako wataoza. Lakini bila funguo hatuwezi kuondoka. Tukizitafuta, tutakumbuka."

Kaka alicheka mpaka akajishika goti. "Tazama mambo ya dunia," akawaambia. "Mimi nikiweka funguo kwenye friji naitwa mgonjwa."

Walicheka wote. Mimi nikakutana na macho ya kaka katikati ya kicheko kile, nikaangalia zulia.

Sini ya kwanza ilimalizwa mara moja. Aliingia, akavua viatu, kimoja akakigeuza kwa kidole cha mguu ili vikae sawa, akakaa. Ilikuwa tu mtu anayerudi nyumbani kwake akiwa na jambo moyoni. Msichana alitabasamu peke yake kwenye kiskrini chake.

Sini ya pili. Kibao kikapigwa. Mwalimu mstaafu wa kwanza akasema wameliona ua katika bustani hii na wamekuja kuliomba. Kaka akamsikiliza. Kisha akasema, "Wazee wangu, mmetoka mbali, na mmetuheshimu," akanyamaza. Tulidhani ni mapumziko ya kuigiza. Yalirefuka yakawa mapumziko ya kawaida.

"Tunarudia, mzee, hakuna neno," akasema msichana.

Wakarudia, akakwama pale pale. Jogoo wa jirani akawika, wakamsingizia jogoo. Adhana ya adhuhuri ikaanza, wakangoja ikaisha. Mara ya tatu alijiinua kwenye kochi, shingo ikasimama, sauti ikashuka ile ya zamani, na ikatoka bila mshono: "Mahakama hii imesikiliza ushahidi wa pande zote mbili, na haitayumbishwa na machozi."

Vijana waliangua kicheko. Walidhani Hakimu amewatania. Naye akacheka pamoja nao, ila alianza kidogo baada yao, na mimi nilijua kicheko kile: kilikuwa kazi. Ndicho kilikuwa kipande bora alichoigiza siku ile kufikia hapo, na hakikurekodiwa.

Msichana hakucheka.

"Tupumzike kidogo," akasema. Akanifuata kwenye mtungi wa maji. Karibu na mimi alionekana mtoto kabisa, na mchana wake ulikuwa unaondoka. Mwanga wa dirishani ulishahama kutoka kochi moja hadi jingine, na kesho yake walimu wastaafu walikuwa na matanga, na vifaa vilikuwa vya kurudishwa chuoni.

"Niambie, mzee yuko salama? Nimemfanya nini?"

Kaka alikuwa anatutazama kutoka kwenye kochi. Hakukunja uso wala hakutikisa kichwa. Alikuwa anatutazama tu, kama hakimu.

"Hujamfanya kitu," nikasema. "Ongea naye mwenyewe."

Alikwenda akachutama mbele yake, mikono magotini. Kabla hajafungua kinywa, kaka akamtangulia.

"Mwanangu, kwenu Kinango, baba hujibu posa mwenyewe?"

Msichana akasita. "Hapana, mzee."

"Nani hujibu?"

"Baba mdogo. Au mzee mwingine wa ukoo. Baba hukaa akisikiliza."

"Na hapa Msambweni?"

"Vivyo hivyo!" bibi akadakia kutoka mlangoni. "Na nilimwambia! Nilimwambia alipokuwa anaandika: mjukuu wangu, mwanamume hamjibii bintiye kama anauza mbuzi. Akaniambia, bibi, hii ni filamu."

"Basi kwa nini maneno umenipa mimi?" kaka akauliza. Aliuliza kwa upole; ungedhani anataka kujua kweli.

"Niliitaka sauti yako," akasema msichana. "Nilijua ni makosa. Nikasema sauti hii ikikaa kimya nitakuwa nimeipoteza."

Kaka alitafakari hilo. Au alingoja lipite. Siku hizi siwezi kutofautisha, na nimeacha kujifanya ninaweza.

"Uliniandikia kwamba najua kusikiliza," akasema hatimaye. Barua ile nilimsomea mara moja tu, na hilo alikuwa nalo. "Niache nisikilize. Mdogo wangu yule pale atajibu. Maneno anayo yote, nimemfunza wiki nzima."

Nilisema mimi si mwigizaji. Bibi akasema hilo wote wameliona tangu nilipoingia. Nilisema sina kanzu. Akaenda kwenye sanduku la marehemu mumewe, akanitolea kanzu iliyokuwa ya mtu mwenye kifua kipana kama gati, na kijana wa kibao akaibana mgongoni kwa vibanio vya nguo. Kwa mbele nilionekana mzee wa ukoo. Kwa nyuma nilikuwa kamba ya kuanikia.

Niliyasema maneno ya kaka yangu mbele ya kaka yangu. Niliyasema kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni, na sikukosea hata silabi, jambo ambalo sasa naliona kuwa la aibu. "Binti yetu si mzigo, tukimtua tupumzike." Lakini nilipotupa jicho nikaona kamera hainiangalii. Msichana alikuwa ameihamisha taratibu, ameielekeza kwa kaka.

Alikuwa anasikiliza. Hakufanya lolote. Mkono mmoja ulikuwa juu ya goti, kidole gumba kinapapasa mshono wa kanzu. Kila sentensi iliyotoka kwangu aliipokea kwa macho, akaisindikiza mpaka mlangoni, akarudi kuingoja nyingine. Ilipokuja ile ya tatu, ile iliyokuwa inamkimbia, midomo yake ikasogea kidogo, bila sauti, ikachelewa, ikaacha. Kwa mtazamaji huyo ni baba anayesikia mwanawe akizungumziwa na hana ruhusa ya kusema. Mimi nilikuwa nimekaa karibu mno kuwa mtazamaji. Nilimaliza maneno. Msichana hakusema "kata" kuisimamisha kamera. Tulikaa hivyo, chumba kizima, mpaka mwalimu mstaafu mmoja akashindwa na manukato yake akapiga chafya.

Jioni walipofungasha, kijana wa sauti alizunguka akijipapasa mifuko. "Funguo?" Bibi akaelekeza friji kwa kidevu. Samaki wakaokoka.

Garini kaka alikaa mbele. Tulikuwa tumeshapita njia panda ya kwenda Diani, dereva amepitiliza Mwabungo anarudi, ndipo aliposema, bila kugeuka:

"Leo umekuwa mdomo."

"Ulinifanya mwenyewe."

"Nilikufanya mwenyewe," akakubali. Baadaye kidogo: "Wangenifukuza, ingekuwa nafuu. Ukifukuzwa unamkasirikia mtu."

Shemeji alitupokea mlangoni, akatusoma nyuso, hakuuliza. Alimvua kaka koti kama anavyovuliwa mtoto aliyenyeshewa.

Baada ya wiki kadhaa ikaja barua nyingine. Msichana alishukuru kwa maneno machache. Filamu ilikuwa mezani inahaririwa, na kipande cha posa, alisema, kilikuwa kimebadilisha filamu yote. Alikuwa ameondoa maneno hata kwenye sini nyingine. Kisha akaja kwenye ombi. Chuo kinamtaka aandike ripoti ya utayarishaji pamoja na filamu, na humo aeleze kila mahali alipouacha mswada na sababu yake. "Sababu ya mila naijua. Nadhani nimeelewa pia sababu nyingine, mzee, na nimekaa nayo. Siwezi kuiandika bila ruhusa yako. Ukisema nisiiandike, sitaiandika, wala sitaisema. Nijibu utakavyo."

Niliwasomea barazani. Shemeji akaweka ungo chini.

"Mwandikie hapana. Hapana kubwa."

"Anaomba ruhusa tu," nikasema. "Angeweza kuandika tusijue."

"Ndiyo maana namwogopa. Mtu mwenye adabu kama hiyo huwezi kumfukuza." Akamgeukia mumewe. "Baba, unasikia? Anataka kuandika habari za uchovu wako."

Kaka alifumba macho. Nilidhani amesinzia. Kisha akaanza kusema, kwa sauti ya kusomesha, akingoja vidole vyangu vimfikie, akinitajia hata mahali pa koma.

"Andika. Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea. Sababu ya kubadilisha ni hii: baba hajibu posa mwenyewe. Hujibiwa na mdogo wake, naye husikiliza. Hiyo iandike. Ile nyingine, umeielewa, inatosha. Si kila linaloeleweka lina haja ya kuandikwa. Nakushukuru kwa kuniomba bure."

"Kwa kuniomba bure?" nikauliza. "Tuiache hivyo?"

"Iache hivyo."

Nikaituma. Haikuwa na neno langu hata moja, na ilikuwa barua bora kuliko zote nilizowahi kuandika kwa jina lake. Shemeji aliokota ungo wake, akarudi kwenye mbaazi, na alikuwa analia kidogo, kwa namna ya mtu anayepuliza makapi. Kaka akachukua ganda, akalipasua.

"Na kupiga picha ni lini?" akaniuliza.

Shemeji akaacha kupukuchua.

"Kumeshapita, kaka. Msambweni. Kwa yule bibi wa friji."

"Aa." Akazimimina punje mkononi, akazitazama. Alikuwa anafanya hesabu ambayo mimi sikuweza kumsaidia. Kisha akauliza lile ambalo kila mwigizaji huuliza, na ambalo alikuwa akiniuliza tangu tukiwa vijana, kila aliposhuka jukwaani na jasho shingoni.

"Nilikuwaje?"

"Hukukosea neno," nikamwambia.